Kabla Hujatuma Barua ya Kuomba Ufadhili Uendelee

Anza na mkataba uliosaini na wafadhili wako. Usome upya, utafute GPA waliyokutaka uifikishe na siku ya mwisho ya kukata rufaa. Siku ikishapita, hata barua iwe nzuri namna gani, hawalazimiki kuifungua. Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja: anwani mbili, tarehe, namba yako ya usajili, na kichwa kisichozunguka: YAH: OMBI LA KUENDELEZEWA UFADHILI BAADA YA MATOKEO YA MUHULA WA KWANZA. Shukrani mstari mmoja, basi. Matokeo yataje mwenyewe, GPA na masomo yenye sapu, maana wanayo mezani tayari.

Sasa tarehe. Hapa ndipo barua nyingi za kweli zinapoonekana za uongo.

Chukua mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyepata GPA ya 2.4 wakati mfadhili anataka 3.0. Anaandika kwamba mama yake alipata kiharusi mwezi Januari, ndiyo maana akafanya vibaya. Ameambatanisha karatasi ya hospitali: kulazwa tarehe 9 Januari, kuruhusiwa tarehe 23. Msomaji makini anaichukua, anaiweka kando ya alama zake, anakuta kwamba jaribio la Novemba alipata 4 kati ya 15, na kazi ya Desemba hakuikusanya kabisa. Kwa hiyo alianza kuanguka miezi miwili kabla mama hajaugua! Barua inawekwa pembeni.

Na huyo mwanafunzi hakudanganya. Mama alikuwa na presha tangu Oktoba, hawezi kusimama gengeni, na yeye ndiye aliyekuwa akipanda basi kila Alhamisi jioni kwenda kuuza na kurudi Jumatatu saa nne asubuhi, vipindi vya Ijumaa na vya Jumatatu asubuhi vikimpita. Ila aliona kiharusi ndicho kizito, akaandika hicho peke yake. Kadi ya kliniki ya presha, yenye tarehe za Oktoba na Novemba, ilibaki kabatini.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi hata moja, chukua karatasi, uipige mstari katikati. Kushoto andika yaliyotokea nyumbani kwa tarehe, kulia andika majaribio, kazi na mitihani ya chuo kwa tarehe. Kila alama mbaya iwe na tukio upande wa pili, na kila tukio liwe na karatasi ya kulithibitisha. Alama isiyo na tukio, usiilazimishie. Sema wazi: "Somo la Takwimu lilinishinda tangu mwanzo, na halihusiani na ugonjwa wa mama." Ukikiri moja, yale mengine yanaaminika.

Karatasi zenyewe ni nakala, siyo halisi: ya hospitali yenye muhuri, cheti cha kifo kama kuna msiba, barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji inayoeleza nani anategemea nani. Angalia majina. Kama mama kwenye karatasi ya hospitali ameandikwa kwa jina la kwao na kwenye cheti chako cha kuzaliwa kwa jina la mumewe, msomaji haoni mama yako, anaona mgonjwa fulani tu. Ongeza cheti cha kuzaliwa na hati ya kiapo ya majina. Na muulize mama kama anaridhia ugonjwa wake usomwe na watu wa ofisini.

Watauliza pia kwa nini hukuomba kuahirisha mitihani. Jibu kabla hawajauliza, hata kama jibu ni kwamba hukujua utaratibu.

Halafu ahadi. Usiandike "nitajitahidi", piga hesabu. Kama mihula yote miwili ina uzito sawa, mwenye 2.4 anahitaji 3.6 muhula wa pili ili wastani wa mwaka ufike 3.0. Hiyo inasemeka. Akiahidi wastani wa 3.5 anahitaji 4.6, na anayesoma atamshangaa. Kisha eleza kilichobadilika nyumbani: nani yuko gengeni sasa, nani anampeleka mama kliniki. Kama hakuna kilichobadilika, mfadhili ana haki ya kuhofia muhula ujao utakuwa uleule. Omba kitu kidogo wanachoweza kukubali, yaani muhula mmoja wa uangalizi, matokeo utawaletea mwenyewe.

Mwalimu mlezi aisome kwanza. Usimwombe mtu akutengenezee muhuri, wengine hupiga simu hospitali. Hakikisha viambatisho vinasomeka vikifunguliwa kwenye simu, na kama unapeleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe.