Kabla hujatunga swali la mantiki la mtihani wa ufadhili

Hesabu zisivuke kujumlisha na kutoa. Ukimtaka mtoto akumbuke kanuni ya eneo la duara, tayari umepima silabasi. Sentensi ziwe fupi. Jibu sahihi liwe moja tu, na yale mengine matatu uyapinge mwenyewe kwa kalamu, usiridhike kuyatazama.

Hili linalofuata lisome mara mbili. Angalia kama mtoto analijua jambo la swali kuliko unavyolijua wewe. Tulipotunga mtihani wa ufadhili hapa Mwanza, niliandika hivi: "Mitumbwi yote ya dagaa hubeba taa. Mtumbwi wa Kulwa hubeba taa. Je, ni lazima uwe wa dagaa?" Jibu ni hapana. Sentensi ya kwanza inasema wa dagaa wote wana taa, haisemi kwamba kila mwenye taa ni wa dagaa. Nilijiona nimewasogezea watoto ziwa lao.

Tulilijaribisha kwa watoto 60. Nikapanga karatasi kwa jumla ya alama, nikachukua 20 za juu na 20 za chini. Kwenye swali zima, wa juu wanapaswa kupata kwa wingi kuliko wa chini. Kwangu walipata 7 wa juu na 11 wa chini. Nikazipitia karatasi za juu zilizokosa: karibu zote zilikuwa za watoto wa Igombe na Ukerewe. Nikamwita mmoja, mtoto mwenye akili kweli kweli, nikamuuliza kwa nini ameandika ndiyo. Akanitazama kwa mshangao: "Mwalimu, sasa taa ya nini kwenye mtumbwi kama siyo ya dagaa?"

Amekua akiona taa zile zikielea gizani kila usiku usio na mbalamwezi. Mtoto wa Kwimba, ambaye hana habari na dagaa akiwa majini, alisoma maneno tu na akapata. Nilikuwa namnyima mtoto wa mvuvi nafasi ya shule kwa sababu anaijua kazi ya baba yake. Mpaka leo linaniuma.

Nikaliandika upya: "Masanduku yote mekundu yana kufuli. Sanduku la Kulwa lina kufuli. Je, ni lazima liwe jekundu?" Mantiki ni ileile, ila nyumbani hakuna wa kumjibia. Kwa hiyo kabla hujalipitisha swali, funika sentensi za maelezo, wape watoto wachache swali na majibu yake tu. Wakibahatisha kwenye majibu manne, karibu robo yao watapata; kwenye ndiyo au hapana, karibu nusu. Wakipata wengi zaidi, jibu wamekuja nalo.

Chunga na neno "baadhi". Kwenye mantiki linaweza kuwa wote; mtoto analisikia "si wote". Andika "angalau mmoja", au "baadhi, lakini si wote". "Au" nayo iangalie hivyo hivyo: kwenye mantiki inaweza kuwa vyote viwili; mtoto anaisikia "kimoja tu". Na karatasi za majaribio zikusanye zote, uzihesabu kabla watoto hawajatoka mlangoni.