Somo: Mradi, programu na shughuli za kawaida, kwa mfano wa mwendokasi wa Dar es Salaam

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biashara hukutana na maneno haya matatu katika wiki zake za mwanzo, akayakariri, kisha akakwama pale mtihani unapompa kisa na kumtaka aseme kipi ni kipi. Tutayapima kwa kisa kimoja tu, cha mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, kwa sababu humo yote matatu yapo na mipaka yake inaonekana.

Hatua ya kwanza: tafuta mwisho uliopangwa.

Ujenzi wa awamu ya kwanza ya mwendokasi, njia ya kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ulianza mwaka 2012 na kukamilika mwishoni mwa mwaka 2015. Ulikuwa na mkataba, bajeti yake, mkandarasi, na siku ambayo kazi ingekaguliwa na kukabidhiwa, ambapo mafundi wangefungasha vifaa na kuondoka. Huo ni mradi. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, na tangu hapo hakuna tarehe iliyowekwa ya kuacha kuwabeba. Hizo ni shughuli za kawaida. Angalia kwamba mwisho unaozungumziwa hapa ni ule uliokusudiwa tangu mwanzo. Kampuni inayofilisika imefika mwisho pia, lakini kufilisika hakuifanyi kazi yake ya jana kuwa mradi.

Hatua ya pili: uliza kinachotolewa ni kipya au ni kilekile.

Mradi huacha kitu ambacho hakikuwepo, kama vile njia, kituo au mfumo wa tiketi. Shughuli za kawaida hutoa huduma ileile kila siku, na sifa yake kubwa ni kufanana: basi la leo alfajiri liondoke Kimara kama lilivyoondoka jana, likiwa limeoshwa, limejazwa mafuta na kukaguliwa breki.

Tofauti hiyo ndiyo inayobadilisha namna ya kupima mafanikio. Msimamizi wa mradi huulizwa kama kazi imekamilika kwa wakati, kwa fedha zilizotengwa na kwa ubora uliokubaliwa. Msimamizi wa uendeshaji huulizwa mabasi mangapi yako barabarani saa za msongamano, abiria anasubiri kituoni kwa muda gani, na kila kilomita inagharimu kiasi gani. Ukimpima wa pili kwa maswali ya wa kwanza hutapata jibu la maana, kwa kuwa yeye hana siku ya kusema amemaliza.

Hatua ya tatu: fuata makabidhiano.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi hupita haraka. Karakana ya mabasi ya awamu ya kwanza ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, ambalo hufurika mvua kubwa zinaponyesha. Uamuzi wa mahali pa kujenga ulifanywa ndani ya mradi. Gharama ya uamuzi huo ilikuja kulipwa na uendeshaji, kwa mabasi kuingia maji, barabara ya Jangwani kufungwa na safari kusimama. Mradi unaweza kukabidhiwa salama kabisa kwenye karatasi na bado ukawaachia waendeshaji tatizo la miaka, na ndiyo maana wanaoendesha huduma wanapaswa kushirikishwa wakati ramani zingali zinachorwa.

Angalia pia kilichofuata. Hakuna ratiba ya usafi wala ya matengenezo inayoweza kuzuia mto kufurika, kwa hiyo tatizo likapelekwa kwenye mradi mwingine, ule wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao ndani yake limo daraja jipya la Jangwani na kuhamishwa kwa karakana. Uendeshaji unapokutana na jambo lisilotatulika kwa taratibu zake za kila siku, mara nyingi hapo ndipo mradi mpya huzaliwa.

Hatua ya nne: uliza kama manufaa yanapatikana kwa mradi mmoja peke yake.

Sasa tufike kwenye programu. Njia ya awamu ya pili, kutoka katikati ya jiji kwenda Mbagala kwa Barabara ya Kilwa, ilipitia kipindi ambacho lami na vituo vilikuwa vimeshajengwa ilhali mabasi yake hayajaanza kazi. Kwa macho ya mkandarasi wa barabara, kazi ilikuwa imefanyika. Kwa macho ya mkazi wa Mbagala aliyekuwa bado anagombania daladala, hakuna kilichobadilika.

Kilichohitajika ni ujenzi, upatikanaji wa mwendeshaji na mabasi, mfumo wa tiketi, na mpango wa kuziondoa daladala kwenye njia hiyo, vyote vikifika kwa pamoja. Miradi ya namna hii, inayotegemeana na kusimamiwa kwa pamoja ili ilete manufaa ambayo hakuna hata mmoja ungeyaleta peke yake, ndiyo huitwa programu. Kazi kubwa ya msimamizi wa programu ni kulinda uhusiano baina yao, yaani kujua kwamba kuchelewa kwa zabuni ya mabasi kunaifanya barabara iliyokamilika ikae bure, na kuchukua hatua kabla hilo halijatokea.

Usidanganywe na jina lililoandikwa kwenye bango. Mpango mzima wa mwendokasi, wenye awamu sita, watu huuita mradi, ingawa kwa vipimo vya somo hili ni programu.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi nafuga kuku wa nyama, na kila kundi lina siku ya kuanza na siku ya kuuzwa. Je, kila kundi si mradi?*

Marahaba. Kundi lina mwisho, ni kweli, lakini halina upya. Unarudia vifaranga, chanjo, chakula na kuuza kwa utaratibu uleule, na unachojitahidi ni kundi hili lisitofautiane na lililopita isipokuwa kwa faida. Hizo ni shughuli za kawaida zinazoenda kwa mizunguko. Kujenga banda la pili ndio mradi, na unaisha siku banda linapopokea vifaranga.

*Swali: Kampuni yenye miradi kumi, tayari ina programu?*

Hapana, idadi haitoshi. Mkandarasi anayejenga shule Dodoma, ghala Mtwara na zahanati Tanga ana miradi mitatu inayogawana fedha na mafundi wake, lakini shule ikichelewa, zahanati haipungukiwi manufaa yake. Mkusanyiko wa namna hiyo husimamiwa kwa kugawa rasilimali, na wala hauhitaji mtu wa kuunganisha matokeo.

*Swali: Naomba ufafanuzi. Katika bajeti ya Serikali kuna matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Ndiyo tofauti hiihii?*

Zinakaribiana, lakini usizichukulie kuwa sawa. Mishahara ya watumishi huwekwa kwenye matumizi ya kawaida, na fedha za kujenga barabara kwenye maendeleo, kwa hiyo mara nyingi mgawanyo unaoana. Hata hivyo bajeti hutenganisha mafungu ya fedha, nasi tunatenganisha asili ya kazi. Taasisi inaweza kubadilisha mfumo wake wa kumbukumbu kwa fedha za fungu la kawaida na watumishi wake wenyewe. Kazi hiyo bado ni mradi, na ikikosa msimamizi na tarehe ya kumaliza kwa kuwa tu haikuandikwa kwenye fungu la maendeleo, itaendelea kusogezwa mbele kila majukumu ya siku yanapobana.

*Swali: Kubadilisha tiketi za karatasi kuwa kadi kwenye mwendokasi kunaingia kundi gani?*

Kuweka mageti, kutengeneza mfumo, kuwafundisha wahudumu na kuwahamisha abiria ni mradi. Kuuza kadi, kuongeza salio na kutengeneza geti lililokwama ni shughuli za kawaida. Mpaka uko siku ambayo geti likiharibika, simu inapigwa kwa fundi wa kituo badala ya timu iliyolifunga.