Kabla ya Kuweka Linux Kwenye Kishikwambi Chenye UEFI ya Biti 32

Kati ya 2013 na 2015 vilitoka vishikwambi na kompyuta ndogo nyingi zenye prosesa za Intel Atom za familia ya Bay Trail, kama Z3740 na Z3735F. Prosesa hizi zina uwezo wa biti 64, lakini UEFI inayoziamsha ni ya biti 32. Nyingi zilikuja na Windows 8.1 ya biti 32, RAM ya GB 2 na hifadhi ya eMMC ya GB 32, na bado ziko mikononi mwa watu. Hapa tutafuata kifaa kimoja kinachojulikana, ASUS Transformer Book T100TA, na mfumo wa Debian 12 wa biti 64. Kwenye vifaa vingine vya kundi hili vitufe na majina ya menyu vinaweza kutofautiana kidogo.

Kwanza uelewe tatizo lenyewe, maana ndilo linaloeleza kila hatua inayofuata. UEFI inapokuta flashi, inatafuta faili moja lenye jina maalumu ndani ya folda ya EFI/BOOT. Ya biti 64 inatafuta bootx64.efi, ya biti 32 inatafuta bootia32.efi na hailioni kabisa lile lingine. Hata ukilibadilisha jina, UEFI italikataa, kwa kuwa ndani yake limeandikwa kwa aina nyingine ya prosesa. Ndiyo maana flashi inayowasha kompyuta zote za nyumbani inaweza isionekane kwenye menyu ya T100TA, au ukaichagua skrini ikawa nyeusi kwa sekunde moja kisha ukarudishwa pale pale. Wengi hudhani flashi ni mbovu na kuichoma upya mara tano. Flashi haina kosa. Wala usitafute njia ya BIOS ya zamani ya kukwepa hili, kwani vifaa hivi kwa kawaida havinayo.

Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, hakikisha kifaa chako ni cha aina hii. Kwenye Windows, ukurasa wa About ukiandika kwamba mfumo ni wa biti 32 na prosesa ni x64, hiyo ni dalili nzuri, lakini si ushahidi kamili. Ushahidi unapatikana kwa kufungua Command Prompt kama msimamizi na kuangalia ndani ya sehemu ya EFI:

```
mountvol S: /S
dir S:\EFI\Boot
```

Ukiona bootia32.efi, umepata jibu. Na kama ukurasa wa About unasema prosesa yenyewe ni x86, simama hapo: hiyo ni Atom ya kizazi cha nyuma zaidi, kama Z2760, ambayo haiendeshi mfumo wa biti 64 hata kidogo, na maelezo haya hayaihusu.

Suala la pili ni faili la ISO. Unahitaji la biti 64 ambalo limebeba pia bootia32.efi, na kiini cha Linux kilichoundwa kikiwa na CONFIG_EFI_MIXED, chaguo linaloruhusu kiini cha biti 64 kuanzia kwenye UEFI ya biti 32. Uwezo huo upo tangu kiini cha 3.15, mwaka 2014. Fedora imekuwa ikiubeba tangu toleo la 27, na kisakinishi cha Debian 12 cha amd64, yaani cha biti 64, kinao pia. Usitegemee jina la mfumo peke yake: ukishamaliza kuandika flashi, ifungue na uangalie kama bootia32.efi imo. Ikiwa haimo, utasikia ushauri wa kuchukua faili hilo mahali pengine na kulinakili humo. Linaweza kukufikisha kwenye kisakinishi, lakini kisakinishi hicho hakijui habari za biti 32, na mwisho wa kazi kitaweka kianzishi cha biti 64 ambacho kifaa hakitakisoma. Ni afadhali kuchagua ISO iliyo sawa tangu mwanzo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asiweke mfumo wa biti 32 na kumaliza mambo. Zamani lilikuwa jibu la busara, kwa sababu unatumia RAM kidogo zaidi. Siku hizi milango inafungwa: Debian 13 haina tena kisakinishi cha i386, na upande wa Windows, toleo la 11 halina biti 32 kabisa, huku msaada wa kawaida wa Windows 10 ukiwa umeisha tarehe 14 Oktoba 2025. Chukua biti 64, uiwekee mazingira mepesi kama Xfce au LXQt, na utumie zram, inayobana data ndani ya RAM yenyewe, badala ya kuipa eMMC kazi ya kubeba kumbukumbu ya ziada.

Sasa jambo ambalo likisahaulika hugharimu data. Vifaa hivi vingi hufunga hifadhi kwa usimbaji bila mwenyewe kujua, pale tu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukienda kwenye UEFI na kuzima Secure Boot, Windows ikiwaka tena inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo hazipati tena picha na nyaraka zake. Basi kabla ya kugusa mpangilio wowote, andika hii kwenye Command Prompt ya msimamizi:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Ikikuonyesha tarakimu hizo, ziandike kwenye karatasi. Kisha hamisha nyaraka zako kwenda diski ya nje, na utengeneze flashi ya kurejesha Windows kwa programu ya RecoveryDrive. Usiseme utaitegemea sehemu ya kurejesha iliyomo ndani ya eMMC, kwani usakinishaji wa diski nzima utaifuta. Onyo kwa anayetaka kubaki na Windows: kwenye baadhi ya vifaa vya 8.1 vilivyobana nafasi, Windows yenyewe husoma mafaili yake kutoka sehemu hiyo ya kurejesha, kwa hiyo ukiifuta ili upate nafasi, Windows haiwaki tena. Kwa GB 32, mifumo miwili pamoja ni msongamano ambao hatuupendekezi.

Fikiria pia matundu na umeme. Kibodi ya T100TA ina tundu moja tu la USB la ukubwa wa kawaida, na humo ndimo flashi inakaa. Tundu dogo la micro USB kwenye kioo ndilo la chaja. Ukitaka flashi, kipanya na simu ya kutoa intaneti kwa pamoja, tafuta kigawanyaji cha USB, hasa chenye umeme wake. Kwenye vishikwambi visivyo na kibodi hali ni ngumu zaidi: tundu ni moja, linahitaji waya wa OTG, na mara nyingi kikiwa na OTG hakichaji. Anza na betri iliyojaa. Na ukiwa na T100TA, usikichomoe kioo kutoka kwenye kibodi wakati kazi inaendelea, kwani utakuwa umeichomoa flashi.

Wi-Fi nayo ipangiwe mapema. Ya T100TA ni Broadcom, nayo huhitaji vitu viwili: programu ya chipu, ambayo Debian 12 imeijumuisha kwenye kisakinishi, na faili la vipimo vya kifaa chenyewe, ambalo mtengenezaji amelihifadhi ndani ya UEFI. Viini vipya hulisoma vyenyewe. Likikosekana, Wi-Fi haitaonekana na amri ya dmesg italalamika kuhusu brcmfmac, kiendeshi chake. Hapo, ukiwa root kwenye mfumo uliokwisha sakinishwa, linakili hivi kisha uwashe upya:

```
cd /sys/firmware/efi/efivars
cat nvram-74b00bd9-805a-4d61-b51f-43268123d113 \
  > /lib/firmware/brcm/brcmfmac43241b4-sdio.txt
```

Njia ya kujikinga ni kuwa na simu ya Android na waya wake, uwashe ugavi wa intaneti kwa USB. Kisakinishi huiona kama waya wa mtandao wa kawaida.

Vikishakuwa tayari hivyo, ingia UEFI kwa kubonyeza F2 kifaa kinapowaka, au kutoka Windows kwa kushikilia Shift unapochagua Restart, kisha fuata Troubleshoot mpaka UEFI Firmware Settings. Zima Secure Boot chini ya Security, hifadhi, rudi tena, na uchague flashi chini ya Boot Override. Ukifika kwenye kugawa diski, soma majina taratibu. Hifadhi ya ndani huitwa mmcblk na namba, na namba hiyo hubadilika kati ya kifaa na kifaa. Inayomalizikia na boot0, boot1 au rpmb iache kabisa. Baadhi ya kibodi za T100TA zina diski ngumu ndani yake, nayo itajitokeza kwa jina linaloanza na sd, kama sda. Ukubwa ndio utakaokuonyesha ipi ni ipi, kwani eMMC ya GB 32 huonekana kama GB 31 au pungufu kidogo.

Kosa la mwisho hutokea kila kitu kikionekana kimekamilika. Kabla ya kukubali kuwasha upya, bonyeza Ctrl+Alt+F2, kisha Enter, uangalie kilichowekwa:

```
ls /target/boot/efi/EFI/debian
```

Ukiona grubia32.efi, yaani kianzishi cha biti 32, endelea. Ukiona grubx64.efi bila mwenzake, kifaa kitawaka na kukurudisha kwenye UEFI bila ujumbe wowote. Rekebisha hapo hapo, intaneti ikiwa ipo:

```
chroot /target
apt install grub-efi-ia32
grub-install --target=i386-efi --removable
update-grub
```

Neno --removable linaweka nakala kwenye EFI/BOOT/BOOTIA32.EFI, mahali ambapo UEFI hutazama hata ikiwa imesahau orodha yake ya kuwashia, na UEFI za vifaa hivi husahau.

Baada ya kuwaka, amri hii ijibu 32 wakati `uname -m` inajibu x86_64:

```
cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size
```

Siku za mwanzo kifaa kikiganda ghafla bila hata kipanya kusogea, shuku hali za usingizi za prosesa. Ongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, kisha endesha update-grub. Betri itaisha haraka zaidi, kwa hiyo iweke pale tu kuganda kunapojitokeza. Kamera ya T100TA usiitegemee kwenye Linux. Anayekihitaji kifaa kwa mikutano ya video anunue kamera ya USB, akikumbuka kwamba tundu ni moja.