Barua ya kuomba fildi: taja kazi moja, omba kitu kimoja

Dondoo kwa mnaoandikia kampuni kuomba mafunzo kwa vitendo. Futa ule mstari wa "naomba nafasi katika kampuni yako, idara yoyote". Mahali pake taja kazi moja ambayo kampuni imeifanya, kisha omba kitu kidogo kinachohusiana nayo. Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme anayeandikia kampuni ya sola anaweza kuandika hivi:

"Nimeona mmefunga pampu za sola kwenye visima vya vijiji. Darasani tumejifunza kukokotoa ukubwa wa pampu, ila sijawahi kuona ikifungwa. Naomba kuambatana na mafundi wenu kwa wiki 8 kuanzia Julai. Ikishindikana, naomba dakika 15 za kuzungumza na fundi mmoja kwa simu."

Inasaidia kwa sababu "idara yoyote" humwachia msomaji kazi ya kukutafutia pa kukuweka, na mtu mwenye shughuli nyingi huiahirisha. Ombi la hapo juu analipeleka moja kwa moja kwa msimamizi wa mafundi. Lile ombi la pili nalipenda zaidi, maana hata kampuni isiyo na nafasi inaweza kulikubali.

Hakikisha tu kazi unayoitaja ni yao kweli; ukitaja ya washindani wao, barua imeishia hapo. Na kwenye taasisi zinazopokea wanafunzi kwa barua ya chuo pekee, maneno haya hayatakufungulia mlango. Anzia ofisi ya chuo inayoratibu fildi.