CV ya kuhamia idara nyingine humohumo kazini: tuiandikeje?

Mi nasoma CV za maombi ya ndani karibu kila nafasi ikitangazwa, na nyingi ni ileile CV mtu aliyoingilia kazini, kaongeza mstari mmoja tu juu, basi. Anaona si wananijua. Idara yako inakujua ndiyo, lakini meneja wa idara unayoiomba pengine anajua sura yako tu pale kwenye lifti, hajui unafanya nini kutwa.

Tuchukue mfano wa dada yuko stoo, anaomba nafasi ya ofisa manunuzi msaidizi.

Hatua ya 1. Kabla hujaandika chochote soma sera ya uhamisho. Kampuni nyingi zinataka uwe umekaa kwenye nafasi yako muda fulani, mara nyingi mwaka 1, na usiwe na barua ya onyo inayoendelea. Kama hujatimiza, CV nzuri kiasi gani itachujwa tu mapema, kwahiyo waulize watu wa utumishi kwanza.

Hatua ya 2. Kichwa cha CV. Jina, cheo chako kama kilivyo kwenye mfumo wa utumishi (usijipandishe, wanakiona), namba ya mfanyakazi, idara, tarehe ya kuajiriwa, na nafasi unayoomba pamoja na namba ya tangazo. Dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, toa vyote. Alafu kama umeshika vyeo viwili humo ndani, andika jina la kampuni mara moja, chini yake kila cheo na tarehe zake, maana ukivitenganisha kama waajiri wawili unaficha kwamba ulipandishwa, na hicho ndo kitu cha kwanza mi nakitafuta.

Hatua ya 3, hapa ndo kazi yote ilipo. Chukua tangazo, pigia mstari majukumu matatu au manne makubwa, alafu jiulize kazi yako ya sasa inagusana nayo wapi. Dada wetu wa stoo alikuwa kaandika hivi:

"Kupokea mizigo na kutunza kumbukumbu za stoo."

Ni kweli, ila mtu wa manunuzi akisoma hapo haoni cha kwake. Ukimuuliza vizuri anakwambia kila mzigo ukifika anaushika na karatasi tatu, oda, hati ya mzigo na ankara, analinganisha idadi na bei, vikipishana anasimamisha, anawapigia manunuzi malipo yasitoke. Sa hiyo ni nusu ya kazi anayoiomba! Tukaandika upya:

"Nalinganisha oda, hati ya mzigo na ankara kwa kila mzigo unaoingia. Kati ya Januari na Juni nilikagua mizigo 140, 23 ilikuwa na tofauti ya idadi au bei, zote zikarekebishwa kabla ya malipo."

Namba hizo kazitoa kwenye ripoti ya mfumo, hakukisia. Maombi ya nje unaweza kuongeza chumvi kidogo ikapita, humu ndani meneja anafungua mfumo uleule au anampigia bosi wako, dakika mbili tu kajua. Kama kazi mlifanya watatu sema mlikuwa watatu na wewe ulishika kipande gani. Ila bei za wasambazaji na taarifa za siri za idara yako usiziweke hata kama kampuni ni moja, si kila anayesoma anaruhusiwa kuziona.

Vifupisho vya idara yenu pia vifungue. Ile fomu mnayoiita "ya njano" nje ya stoo haijulikani kabisa, andika fomu ya kurudisha mzigo wenye kasoro.

Hatua ya 4. Weka mistari miwili au mitatu ya kile ambacho bado huna. Huyu dada hajawahi kuomba bei kwa wasambazaji, na tangazo linataka. Akaandika kwamba hajafanya, ila kwa ukaguzi wake anajua nani anachelewesha na nani anapunguza idadi. Mi nikiona hivyo naelewa atahitaji kufundishwa nini, na swali la usaili linakuwa limeshapata pa kuanzia.

Hatua ya 5. Wadhamini. Wa kwanza ni msimamizi wako wa sasa, ukimruka nitauliza kwa nini, kwahiyo mwambie kabla hujatuma, asije akasikia kwa utumishi. Mwingine awe mtu wa idara unayoomba aliyewahi kufanya kazi na wewe, kwa dada huyu ni yule ofisa manunuzi anayempigia mizigo ikipishana.

Kurasa 2 zinatosha, PDF, jina la faili liwe na jina lako na namba ya tangazo, na upitishie njia iliyoandikwa kwenye tangazo hata kama meneja mwenyewe kakwambia "nitumie tu kwangu". Ikikaa kwake tu, jina lako halimo kwenye orodha ya waombaji.