Vidonge vya majira: kuwa makini na mwanzo wa pakiti

Wengi wanaogopa kusahau kidonge katikati ya pakiti. Hatari kubwa iko kwenye wiki ya kwanza.

Homoni mbili zilizo kwenye vidonge hivi huituliza tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, isitume ishara za kukuza na kupevusha yai. Ovari hulala. Lakini kwenye pakiti ya vidonge 28, 7 vya mwisho, ambavyo mara nyingi ni vya kahawia, havina homoni. Siku hizo ishara hurudi taratibu na vifuko vya mayai huanza kukua. Siku 7 ovari huvumilia. Zikizidi, yai linaweza kutoka.

Chukua mama aliyemaliza vya kahawia Jumapili, akasahau kuanza pakiti mpya Jumatatu na Jumanne. Kufikia Jumatano ovari zake zimekaa siku 9 bila homoni. Ameze kimoja mara akumbukapo, aendelee kila siku, na atumie kondomu mpaka ameze vidonge vya homoni siku 7 mfululizo. Kama alifanya tendo ndani ya siku 5 zilizopita bila kinga, awahi kituo cha afya aulizie vidonge vya dharura, maana mbegu huweza kuishi mwilini siku kadhaa.

Ukisahau vya kahawia, wala usihangaike: vitupe, mradi pakiti mpya ianze siku yake.