Kabla hujachomeka chaja: vispika vya masikioni vilivyokaa miezi bila chaji

Vispika visivyo na waya vinavyonunuliwa Mtwara mwezi wa Novemba, fedha ya korosho ikiwa mkononi, mara nyingi hutumika wiki chache kisha huwekwa kabatini ndani ya kasha lake la kuchajia. Mvua za Desemba hadi Aprili zinaingia, shamba linataka watu, na kasha halikumbukwi tena mpaka Julai au Agosti. Siku linapofunguliwa halina taa, ukichomeka chaja taa haiwaki, na mwenye mali anakata tamaa palepale. Mara nyingi anawahi mno. Betri iliyokauka kabisa huamka polepole na kimyakimya, na yapo mambo kadhaa ya kuangalia kabla hujaipa umeme.

Kwanza jua unashughulika na betri tatu: moja kubwa ndani ya kasha, na mbili ndogo, moja katika kila kispika. Ya kasha kwa kawaida huwa na miliampea saa 300 hadi 500, na za vispika 30 hadi 60 kila moja. Zote ni za lithiamu. Zikijaa zinafika volti 4.2, na zikishuka hadi karibu volti 3 zimekwisha.

Kasha linaisha chaji hata likiwa limefungwa, kwa sababu saketi yake hailali kabisa. Tuseme betri ni ya miliampea saa 400, ukaliweka katikati ya Desemba likiwa nusu, yaani 200 zimebaki, na saketi inakula miliampea 0.05 tu. Kwa siku moja hiyo ni miliampea saa 1.2. Gawa 200 kwa 1.2 upate siku 166 hivi, ambazo zinakufikisha mwishoni mwa Mei. Na hapo hatujahesabu chaji ambayo kasha linavimiminia vispika vyenyewe kila vinapopungua. Kasha likishakauka, baadhi ya vispika hudhani vimetolewa nje, vinajiwasha na kuanza kutafuta simu, navyo vinakauka. Ukilifungua Agosti, betri zote tatu zimekaa miezi miwili na zaidi chini ya kiwango chake.

Kabla ya waya, kagua umbo. Weka kasha juu ya meza iliyonyooka, tazama kama limetuna tumbo, kama kifuniko hakifungi kama zamani, kama maungio ya plastiki yameachana. Linuse. Harufu tamu na kali, kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, maana yake betri inavuja. Kwenye dalili yoyote kati ya hizo usichomeke chaja hata kwa kujaribu, na usilitupe kwenye takataka zitakazochomwa moto, kwa kuwa betri ya lithiamu ikiungua hulipuka.

Kisha angalia kutu. Kwa anayeishi Shangani au Mikindani, au Lindi mjini karibu na ufukwe, hili ni la kutazamwa kwa makini, maana hewa ya bahari hubeba chumvi na miezi ya mvua huongeza unyevu. Mulika ndani ya tundu la chaji na chini ya vishimo vya vispika. Utaona pini ndogo za rangi ya dhahabu au fedha. Zikiwa na ukungu wa kijani au weupe kama unga, umeme hautapita hata betri ikiwa nzima. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya duka la dawa, ikamue isidondoke, sugua pini za kasha na vidoti vya chuma vilivyo kwenye vispika, halafu acha dakika 15 zikauke. Palipong'ang'ania tumia kijiti cha meno cha mbao, kamwe usitumie sindano, kwani ikigusa pini mbili kwa pamoja inaleta shoti. Pini hizi zina springi chini yake: ukiibonyeza kidogo ikazama na isirudi juu, umepata sababu ya kispika kimoja kutochaji.

Kama vispika vilinunuliwa vikawekwa bila kutumika kabisa, labda kwa ajili ya zawadi, angalia pia kipande cha plastiki laini kilichobandikwa juu ya vidoti hivyo. Kiwandani hukiweka makusudi ili umeme usipite. Kibandue.

Suala la waya na chaja linastahili uangalifu kuliko mengine yote, kwa kuwa ndiko makasha mengi mazima yanakohukumiwa kuwa mabovu. Makasha mengi ya bei nafuu yana tundu la Taipu C lakini yamenyimwa vipingamizi viwili vidogo vya kilo-omu 5.1. Chaja za kisasa zenye tundu la Taipu C hutafuta vipingamizi hivyo kabla ya kutoa umeme. Zisipoviona hazitoi kitu. Hivyo ukitumia waya wenye Taipu C pande zote mbili, kasha halipati hata volti moja, na utasubiri hadi kesho. Tafuta waya wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja na Taipu C upande wa kasha, pamoja na chaja ya kawaida ya volti 5, ampea 1. Aina hiyo ya chaja hutoa volti 5 muda wote bila kuuliza. Jaribu waya huo kwenye simu kwanza ili uwe na hakika nao.

Pawabenki nayo ina mtego wake. Betri iliyoshuka sana hupokea umeme kidogo mno mwanzoni, na pawabenki nyingi zikiona umeme unaotoka ni mdogo hivyo huhesabu kwamba simu imejaa, zinajizima baada ya nusu dakika au zaidi kidogo. Umeme ukiwa umekatika ni afadhali usubiri urudi kuliko kuanza kazi hii kwa pawabenki. Paneli ndogo ya sola iliyounganishwa moja kwa moja haifai vilevile, kwa sababu kila wingu linapopita umeme unakatika na saketi inaanza upya.

Sasa toa vispika vyote viwili nje, uchaji kasha peke yake. Kwa njia hiyo umeme wote unakwenda kwenye betri moja, na wewe unajua ni kipi unachokipima. Liweke kivulini juu ya vigae au sahani ya udongo, mbali na godoro na pazia, na usilichaji chumba kikiwa na joto kali la bati la mchana. Betri hizi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45 za Selsiasi.

Kinachotokea ndani ni hiki. Saketi ya chaji ikikuta betri iko chini ya volti 3 haithubutu kuipa umeme kamili. Inaidondoshea takriban sehemu ya kumi ya kiwango cha kawaida, miliampea 20 hadi 40 kwa betri ya 400, mpaka ipande kufikia volti 3. Katika kipindi hicho taa ya kasha huweza isiwake kabisa. Nusu saa ya giza ni jambo la kawaida. Kaa karibu, gusa kasha kila dakika kumi: vuguvugu kidogo si neno, lakini likiwa moto kiasi cha kuondoa mkono, chomoa. Saketi nyingine pia zina saa ya usalama inayokatisha chaji betri isipopanda kwa muda uliowekwa, kwa hiyo baada ya saa moja ya kimya chomoa, hesabu hadi kumi, chomeka tena. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Ikipita jumla ya saa tatu bila taa wala vuguvugu lolote, acha.

Taa ikiwaka, usirudishe vispika haraka. Makasha mengi hayatoi umeme kwa vispika mpaka betri yao yenyewe ipate nguvu ya kutosha. Subiri saa nzima, kisha weka kimoja kimoja, kibonyeze kikae sawasawa, funga kifuniko na uache saa nyingine. Kikipokea kimoja tu, badilisha nafasi kama umbo linaruhusu au sugua vidoti tena. Kama cha kushoto kinakataa huku pini zake ni safi na zinaruka vizuri, betri ya hicho ndiyo iliyokufa. Vikiwaka vyote lakini simu haivioni, futa jina lake la zamani kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, rudisha vispika kwenye kasha, kisha uoanishe upya. Vile vyenye kitufe kwenye kasha kwa kawaida hutaka kibonyezwe sekunde 10 hadi 15.

Kabla ya kwenda kwa fundi, jua utakachomuomba. Muombe afungue kasha na apime volti kwenye ncha za betri yenyewe, kabla ya kibao kidogo cha ulinzi. Akipima baada ya kibao hicho mita inaweza kusoma 0 wakati betri ina volti 2.6, kwa kuwa kibao kimejifunga kuilinda. Volti 2.5 kwenda juu bado zina matumaini. Chini ya 2, mwambie asibusti. Kubusti ni kuisukumia betri umeme wa moja kwa moja kutoka betri nyingine, na ni kweli mita itapanda. Tatizo ni kwamba betri iliyokaa muda mrefu chini sana shaba yake ya ndani huyeyuka, na ikichajiwa shaba hiyo hujijenga upya kama miiba inayoweza kugusanisha pande mbili. Shoti hiyo huja baadaye, pengine kasha likiwa mfukoni mwako.

Kubadilisha betri ya kasha kunawezekana. Namba iliyoandikwa juu yake ndiyo kipimo: 602030 ni unene wa milimita 6.0, upana 20, urefu 30. Nunua ya volti 3.7 yenye namba hiyohiyo na kibao chake cha ulinzi, na fundi asikosee chanya na hasi. Betri za ndani ya vispika ni vidonge vidogo kama 1254, yaani kipenyo cha milimita 12 na unene wa 5.4, na vispika vimegundishwa kwa gundi. Kuvifungua bila kuvunja ni vigumu, na kwa vispika vya bei ya chini gharama haina maana.

Vikishafufuka, vitumie mpaka kasha lifike karibu nusu kabla ya kuviweka tena. Visijae, visikauke. Vifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uandike kwenye kalenda ya simu kuvichaji nusu saa kila baada ya miezi miwili. Kwa aliyeviweka Desemba, siku ya kwanza ya kuvitoa ni Februari, mvua ikiwa bado inanyesha.